Naomba ushauri: dakika 5 za hesabu za kichwa kabla ya mafumbo ya fedha, Darasa la Nne

Ticha_Igoma: Walimu wenzangu, nafundisha Hisabati hapa Igoma, Mwanza, katika darasa lenye wanafunzi wapatao 80. Wiki ijayo tunaanza mafumbo ya kujumlisha fedha, nami nataka kila kipindi kitanguliwe na dakika 5 za hesabu za kichwa. Nikiuliza maswali mchanganyiko, wananyoosha mikono wale wale, na muda unakwisha. Nipange vipi?

Baba_Kirumba: Weka mashindano, na atakayejibu kwanza umpe peni. Mtoto akizoea kasi, hesabu zitamkaa kichwani.

Mstaafu_Nansio: Mwalimu, zawadi huchangamsha, lakini mmoja akishapaza jibu, wale 79 huacha kufikiri. Chagua mbinu moja tu ambayo mafumbo ya siku hiyo yataihitaji. Kama yana bei za shilingi 1,900 au 2,900, basi fanyieni mazoezi ya kujumlisha 20 au 30 kisha kupunguza 1. Andika ubaoni 46 + 10, halafu 46 + 20, halafu 46 + 19, bila kufuta lililotangulia, maana ni pale mtoto anapoliona la pili juu ya la tatu ndipo anapogundua njia ya mkato. Fuatisha 46 + 29 na 57 + 19, kisha umalizie kwa 4,600 + 1,900, ambalo ndilo mlango wa kuingilia fumbo lenyewe. Kwa kila swali hesabu kimyakimya hadi tano, wote waandike jibu, kisha wainue kwa ishara yako. Dakika ya mwisho, wawili waeleze walivyopata 46 + 19, basi. Maswali yaliyobaki yasubiri kesho.

Mama_Buswelu: Mwanangu wa Darasa la Pili bado anahesabu kwa vidole. Nimkataze?

Mstaafu_Nansio: Usimkataze, mama, atavificha chini ya dawati. Kwanza azoee jozi zinazotimiza 10, kama 6 na 4.

Ticha, nilisahau jambo moja: majibu yenye makosa yasome kwa makini. Kwa 46 + 19, anayeinua 67 amefika 66 kisha akaongeza 1 badala ya kupunguza, kwa hiyo mbinu ameishika nusu. Anayeinua 64 huenda amehesabu mojamoja akianzia na 46 yenyewe, na huyo bado hajaanza kuitumia mbinu.

Ticha_Igoma: Nashukuru sana, mzee wangu. Vibao 80 sina. Nitawagawia karatasi za nyuma za madaftari ya zamani, waandike kwa tarakimu kubwa. Je, mbinu hiyo moja niirudie wiki nzima?

Mstaafu_Nansio: Siku tatu mfululizo, ukibadilisha namba tu.

Sir_Sengerema: Hapo natofautiana na mzee. Mimi siku ya pili huchanganya na 46 + 12, kwa sababu wakishazoea 19 wanapunguza 1 hata pasipostahili.