Mrejesho: hela imeingia, kaka

Nilikuuliza: "Kaka, risiti yako inasema imetumwa, mbona kwenye simu ya mama hakuna kitu?"

Shikamoo kaka. Imeingia leo saa 4:12 asubuhi, Sh 650,000 kamili. Kumbukumbu ya muamala ni CK47T9XWQ2. Iandike pembeni ya namba ya risiti yako, maana ni mbili tofauti: yako inafuatiliwa huko Maskati, hii inafuatiliwa na mtandao wa simu hapa Dar. Kilichokwamisha ni jina tu. Uliandika Mama Asha, na laini imesajiliwa kwa jina la NIDA, ulipolirekebisha, ikapita. Salio nimeangalia mwenyewe, sikuamini meseji peke yake, matapeli wamezidi. Hatujatoa bado, mama atamlipa fundi bati kwa simu.