Naomba ushauri: michezo ya siku za mvua kwa ndugu wawili wa chumba kimoja

Ndugu wanachama, naomba ushauri kuhusu wanangu wawili, wa miaka 9 na 4, wanaolala katika chumba ambamo vitanda vimeacha nafasi ndogo tu sakafuni. Mvua ikinyesha, mkubwa hujenga mnara wa vibao na mdogo huubomoa, si kwa ukorofi, bali kwa sababu kwake yeye kubomoa ndiko kucheza. Kumhamishia mkubwa mezani husaidia, mpaka mdogo ajione ametengwa. Kilichofaa zaidi ni mkubwa kuficha vitu na kumchorea mwenzake ramani ya kuvitafuta, ingawa maficho ya chumba kidogo huisha upesi. Je, upo mchezo mwingine unaompa kila mmoja kazi inayolingana na umri wake, bila kukimbia wala kuruka kitandani?