ITIL Foundation, CCNA au niende ngazi za juu? Jibu linatakiwa Ijumaa

Sakina_Tekno
Habari za jioni wakuu. Niko Arusha, idara ya IT. Meneja kaniambia hadi Ijumaa nimpe jina la kozi atakayoilipia. Nimebaki na tatu kichwani: ITIL 4 Foundation ya usimamizi wa huduma za IT, CCNA ya mitandao, au niiruke Foundation niende kwenye zile ngazi za juu za ITIL ili cheti kiwe na uzito. Ipi inalipa? Naombeni ushauri wa waliopita huko.

Kebo_Kiboriloni
CCNA, wala usiumize kichwa. Mtandao ukilala mtu anataka intaneti irudi, hataki kusikia habari za usimamizi wa huduma. ITIL ni ya kukariri, na ni ya makampuni makubwa yenye watu mia kwenye IT. Hapa kwetu Moshi na Arusha timu ni watu watatu wanne.

Dada_Njiro
Sakina, umeacha yote ya msingi. Mko wangapi kwenye timu? Wewe unapokea simu za watumiaji, unashika seva, au unasimamia wenzako? Hela ni ya mtu mmoja au ni fungu la idara? Na maombi ya watumiaji mnayapokeaje, kuna mfumo wa tiketi au ni simu tu?
Hiyo ya kuruka haipo. Bila Foundation huruhusiwi kukaa mtihani wa ngazi ya juu hata mmoja.

Majengo_Kompyuta
Samahani naingilia. Mimi nina duka la kutengeneza kompyuta hapa Moshi, niko na kijana mmoja. Nikipata hiki cheti naweza kukitumia kuombea tenda za shule? Na VETA wanakitambua?

Dada_Njiro
@Majengo_Kompyuta ITIL haimfundishi mtu kutengeneza kompyuta, kaka. Inahusu namna timu inavyopokea, inavyoandika na inavyofunga kazi za watumiaji. Kama tangazo la tenda halijakitaja, hela yako iweke kwenye vifaa vya duka.

Sakina_Tekno
Nisameheni. Tuko watano. Tunahudumia ofisi kuu hapa mjini na hoteli mbili, moja iko Karatu. Mimi ndiye kiongozi wa zamu, wenzangu wanne wanapokea simu na kwenda site. Tiketi hatuna, kuna grupu la WhatsApp na faili la Excel ninalojaza jioni. Meneja hajasema ni mtu mmoja au wote, amesema tu "kozi ya IT". Kinachonichosha ni kwamba matatizo ni yaleyale kila wiki.

Dada_Njiro
Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ungeanza nayo. Nikupe kisa cha kazini kwetu, maana kinafanana na chako.

Kuna hoteli tuliyokuwa tunaihudumia. Jioni mapokezi wanapiga simu: kompyuta haina mtandao, wageni wamepanga foleni. Kijana wa zamu anawaambia wazime rauta wawashe, inarudi, anafunga tiketi kwa maneno "rauta imewashwa upya". Ndani ya miezi miwili tulikuwa na tiketi 14 za namna hiyo, na kila moja peke yake ilionekana ni kazi iliyofanyika vizuri. Dakika kumi, mteja kashukuru.

Baada ya timu nzima kusoma Foundation, mmoja wetu akasema hizi 14 ni matukio, tatizo lenyewe hakuna aliyelifungua. Kwenye ITIL tukio linakwisha huduma ikirudi. Tatizo ni kile kinachoyazaa matukio, nalo lina rekodi yake na mtu wake wa kulifuatilia hata siku ambayo kila kitu kinafanya kazi. Tukazipanga zile tiketi kwa saa na siku. Zote zilikuwa kati ya saa 11 na saa 1 jioni, na zote siku ambazo kundi moja la watalii limeondoka asubuhi na jingine limeingia likitoka Ngorongoro.

Safari iliyofuata tukamwambia kijana asizime kitu kabla ya kuangalia hii kwenye kompyuta ya mapokezi:

```
ipconfig /all
```

Anwani ikaja inaanza na 169.254. Maana yake kompyuta imeomba anwani, haikupewa, ikajipa ya kwake. Rauta ilikuwa imepangiwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, yaani anwani 100, na kila anayepewa anakaa nayo saa 24. Wageni walioondoka asubuhi bado walikuwa wamezishikilia, wapya wameingia na simu na laputopu zao, anwani zimekwisha. Kompyuta ya zamu ya jioni ikiwashwa haipati kitu. Ile rauta ilikuwa ya kawaida, orodha ya anwani haiihifadhi ikizimwa, ndiyo maana kuzima na kuwasha kulikuwa kunasaidia.

Dawa ikawa kuwatenganisha wageni na mtandao wa ofisi, na muda wa kushikilia anwani upande wa wageni tukaushusha hadi saa 4. Haikurudi tena.

Kebo_Kiboriloni
Sasa dada si umenitetea mwenyewe? Mambo ya DHCP hayo, ya rauta kugawa anwani, mtu wa CCNA angeyaona siku ya kwanza.

Dada_Njiro
Tulikuwa na mtu wa CCNA kwenye timu. Hakuletewa, kwa sababu kila tiketi ilikuwa imefungwa kabla ya kumfikia. Ulivyosema ujuzi wa mtandao ndio uliotibu ni kweli, sikatai. Ila wa kuona kwamba kuna kitu cha kutibu alikuwa kijana wa simu.

Mzee_wa_Pasua
Nakubaliana na dada, ila Sakina sikiliza na upande huu, maana mimi ITIL imenitesa.

Nilipokuwa nafanya kazi mahali fulani, mwajiri alimsomesha msimamizi wetu peke yake, Foundation kisha moja ya zile za juu. Sisi sita tukabaki hivihivi. Aliporudi akaanzisha kikao cha mabadiliko kila Alhamisi saa 4 asubuhi. Badiliko lolote lazima lipite pale, liwe na fomu ya kurasa mbili na sahihi tatu. Kuongeza printa ni fomu. Kumfungulia mfanyakazi mpya akaunti ni fomu, na akiripoti Ijumaa anasubiri siku sita. Watumiaji wakaacha kutuandikia, wakawa wanatufuata kantini.

Siku moja Jumatatu diski ya seva ya nakala rudufu ikafikia asilimia 96. Kazi yenyewe ni kufuta nakala zilizopita muda wake, dakika tano, na tulishaifanya mara nyingi. Mwenzangu akaijazia fomu, ikawekwa kwenye ajenda ya Alhamisi. Jumanne usiku diski ikajaa, nakala ikasimama. Jumatano faili la mishahara likaharibika, nakala nzima ya mwisho ikawa ya Jumatatu. Mama wa uhasibu aliingiza upya kazi ya siku moja na nusu huku analia. Nilikaa naye hadi saa 3 usiku.

Baadaye nilipoisoma Foundation mwenyewe nikakuta humo humo kuna mabadiliko ya kawaida, yale yenye hatari ndogo na hatua zinazojulikana. Yanaidhinishwa mara moja, kisha mnayafanya bila kuomba kila mara. Na ya dharura yana njia yake fupi. Kufuta nakala kuukuu kulitakiwa kuwa kwenye lile kundi la kwanza. Msimamizi alikuwa amesoma ngazi ya juu kuliko sisi sote, lakini hakukuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na lugha hiyo.

Kwa hiyo mimi nasema wasome wote watano ile ya chini, au asisome mtu.

Sakina_Tekno
Asante sana mzee, pole kwa hayo. Je, mtihani ni mgumu? Wawili kati ya wenzangu Kiingereza kinawasumbua.

Mzee_wa_Pasua
Maswali 40 ya kuchagua jibu, dakika 60, unapita kwa 26. Kama Kiingereza si lugha yako ya kwanza kuna robo ya muda ya nyongeza, zinakuwa dakika 75, hakikisheni mnapewa. Wengi hukosea maswali ya tukio na tatizo, na ombi na tukio. Mtu kusahau nywila ni ombi au ni tukio? Wenyewe watabishana hadi jioni.

Kebo_Kiboriloni
Na baada ya miaka 3 kinakufa, mnaanza kulipa upya. CCNA angalau ni ujuzi.

Dada_Njiro
Na CCNA ni miaka 3 vilevile, kaka. Cha ITIL unakihuisha kwa kurudia mtihani, kwa kufaulu mwingine wa ITIL, au kwa kuweka kumbukumbu za kujiendeleza kwenye akaunti yako ya PeopleCert, wale wanaotoa mtihani. Hoja yako ya gharama ina ukweli lakini, maana kwa watu watano inajumlika. Foundation unaweza kujisomea mwenyewe ukalipia mtihani tu. Mitihani minne ya Managing Professional, ya zile ngazi za juu, lazima upitie kwa mkufunzi aliyeidhinishwa, na hapo bei inapanda sana.

Kwa ngazi za juu, Sakina, kama utaenda basi mwaka ujao, na uwe wewe peke yako. Usivutwe na jina kubwa. Tafuta inayoitwa Monitor, Support and Fulfil. Ndani yake kuna dawati la huduma, matukio, maombi, matatizo na ufuatiliaji wa mifumo, kazi ambazo unazifanya kila siku. Ile ya mikakati ni ya mtu anayekaa na wakurugenzi kupanga bajeti.

Soweto_Moshi
Nyongeza kwa watakaofanyia mtihani nyumbani: msimamizi anakuangalia kwa kamera, chumba kiwe kitupu, hata mtoto asipite. Mimi umeme ulikatika swali la 31. Laputopu ilikuwa na chaji ila rauta ikazima. Wekeni rauta kwenye UPS, na data ya simu iwe tayari.

Mzee_wa_Pasua
UPS ndogo ya duka inaibeba rauta saa nzima bila shida. Ila betri ijaribu wiki moja kabla.

Kebo_Kiboriloni
Mimi bado nasema bila mfumo wa tiketi mnasoma bure. Hizo tiketi 14 za dada zingekuwa kwenye WhatsApp nani angezipanga kwa saa na siku? Wekeni GLPI kwanza, ni bure, kompyuta moja ya zamani inatosha.

Dada_Njiro
Hapo Kebo tuko pamoja.

Majengo_Kompyuta
osTicket si nyepesi zaidi kuliko GLPI? Nataka niiweke dukani.

Sakina_Tekno
Nimerudi kwenye Excel yangu ya miezi mitatu. Hoteli ya Karatu, "printa ya mapokezi haichapi", mara 9, na kila mara nimeandika "imewashwa upya". Safu ya saa sikuweka, nimeandika tarehe tu. Kesho nitawauliza vijana kama wanakumbuka saa, kisha nitaenda nayo kwa meneja nimuulize kama fungu linaweza kubeba watano. Akikataa sijui nitachagua nini.

Kebo_Kiboriloni
Hiyo printa ina anwani ya kudumu au inapewa na rauta?

Sakina_Tekno
Sijawahi kuangalia.