UZI WA MALALAMIKO: Gari la mzunguko linaniachia nusu ya mzigo, kisha natozwa faini ya kuchelewa

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza jambo hili kwa mpangilio, kwa sababu nataka anayeifahamu kazi ya usafirishaji anisahihishe pale nilipokosea na aniunge mkono pale nilipo na haki.

Nina karakana ndogo ya vizibo vya plastiki Vingunguti, na mteja wangu mkubwa ni kiwanda cha mafuta ya kula kilichopo Kibaha, ambacho sitakitaja jina. Kwa miaka 4 nilikuwa nikikodi Kanta mara 2 kwa wiki na kupeleka mzigo mwenyewe. Mwaka huu kiwanda kiliamua kutuma Fuso lake kila siku lipite kwetu wote, kama gari la maziwa linavyopita kwa wafugaji likichukua madumu yaliyojaa na kuacha matupu. Linaanzia Mbagala kwa mtengenezaji wa madumu ya lita 20, linakwenda Chang'ombe kuchukua lebo, linakuja kwangu, linamalizia Ubungo kwenye maboksi, kisha linarudi Kibaha.

Mpango wenyewe siupingi, na hesabu yake niliifanya kwa kilomita. Sisi wanne tulipokuwa tukipeleka kila mtu kivyake, kwenda na kurudi ilikuwa kilomita 90 kutoka Mbagala, 76 kutoka Chang'ombe, 72 kutoka kwangu na 56 kutoka Ubungo, yaani kilomita 294 kila tulipopeleka sote. Mzunguko mzima wa Fuso ni kilomita 97. Sisi tuko karibu karibu na kiwanda kiko mbali, na hakuna kati yetu ambaye kwa siku ya kawaida anajaza gari peke yake. Katika hali hiyo, kupeleka kila mtu kivyake ni kuchoma mafuta bure.

Tatizo ni siku ambazo si za kawaida. Bodi ya Fuso hilo inabeba mita za ujazo 30. Siku ya kawaida madumu 400 yanachukua mita 12, lebo 1, kreti zangu 60 zinachukua 4 na maboksi 8, jumla 25, na kila kitu kinaingia. Lakini karibu kila Jumatano kiwanda kinaagiza madumu 900. Hayo peke yake ni mita 27. Gari likishapita Chang'ombe linakuwa na 28, na likifika kwangu nafasi iliyobaki ni mita 2. Kreti 30 zinapanda na kreti 30 zinabaki uani, huku mwenzangu wa Ubungo akiwa hana pa kuweka hata boksi moja.

Saa 8 mchana napigiwa simu kwamba mashine ya kufunga chupa imesimama kwa kukosa vizibo. Nakodi Kanta kwa shilingi 120,000 ya mfukoni mwangu, napeleka kreti 30 ambazo gari lao lilizikataa mlangoni kwangu, na mwisho wa mwezi nakuta nimekatwa faini ya kuchelewesha mzigo! Nilipomuuliza mpangaji wa safari, alinionyesha karatasi yake na kuniambia kwamba gari la tani 7 siku hiyo lilipangiwa tani 3 na nusu tu, kwa hiyo haliwezi kuwa lilijaa, na kwamba nilichelewa kupakia.

Kuna na hili la bei. Bei yangu ya zamani ilikuwa na usafiri ndani yake. Walipoanza kuchukua wenyewe walikata asilimia 6. Kwa mauzo yangu ya shilingi 6,000,000 kwa wiki hiyo ni 360,000, wakati Kanta 2 zilikuwa zikinigharimu 240,000. Kila wiki nawalipia kiwanda shilingi 120,000 za usafiri ambao sikuwahi kuutumia, na juu yake faini.

Naomba kuelezwa na wanaojua: je, kuna haki yoyote katika utaratibu huu?

Kanta Nyekundu:
Pole sana, mkuu. Mimi ni dereva na nimewahi kuendesha mzunguko wa namna hii kwa miaka 2. Kosa liko kwenye mpangilio wa vituo. Waanzie Ubungo, waje kwako, waende Chang'ombe, na Mbagala iwe ya mwisho. Kilomita ni zile zile 97 kwa sababu ni duara lile lile, ila umeligeuza. Maboksi yatakaa chini, kreti zako juu yake, na madumu ambayo ni mepesi yatawekwa mwisho. Sasa hivi madumu yanakaa mbele karibu na kichwa cha gari na hakuna kinachoweza kuwekwa juu yake bila kuyabonyeza. Wakifanya hivyo, kreti zako hazitabaki hata siku moja.

Mpanga Safari Mstaafu:
Ndugu mleta uzi, nimefanya kazi ya kupanga magari ya kukusanya vipuri na vifungashio kwa zaidi ya miaka 15, na nakuhakikishia kwamba mpangaji wenu anatumia kipimo kisichohusika. Gari hujaa kwa namna 2, kwa uzito au kwa nafasi, na linasimama kwa ile inayotangulia. Dumu tupu la lita 20 lina uzito wa takriban kilo 1. Madumu 900 hayafiki hata tani moja, lakini yameshamaliza bodi yote. Anayebeba saruji anahesabu tani, ila anayebeba madumu matupu, chupa au magodoro lazima ahesabu mita za ujazo. Karatasi yake inaonyesha gari lenye nusu ya mzigo, na macho yako yanaona gari lililojaa, na nyote wawili mnasema kweli.

Alichosema ndugu Kanta Nyekundu ni kizuri kwa upande wa kupakia, na hata mimi ningependa maboksi yakae chini. Lakini mzigo wa Jumatano ni mita 40 na gari ni la mita 30. Ukigeuza duara, kitakachobaki ni madumu 300 na zaidi kule Mbagala, na mafuta hayawezi kufungwa kwenye viganja. Tena gari litokalo Kibaha alfajiri likaanzie Ubungo litaingia na foleni yote ya asubuhi ya Barabara ya Morogoro, kisha litazunguka mjini likiwa na mzigo.

Dawa ni kumtoa mwenye madumu kwenye mzunguko kwa siku ile tu. Mita 27 kati ya 30 ni gari lililojaa, na gari lililojaa halina sababu ya kupita kwa mtu mwingine. Liende Mbagala na kurudi, kilomita 90. Mliobaki watatu mna mita 13, ambazo zinaingia kwenye Kanta ya mita 17, na mzunguko wa Chang'ombe, kwako na Ubungo ni kilomita 82. Jumla ni 172. Linganisha na kinachotokea sasa: Fuso kilomita 97, Kanta yako ya dharura 72, na mwenzako wa Ubungo 56, jumla 225, pamoja na mashine iliyosimama. Siku 5 mzunguko mmoja unashinda, na siku 1 ya wiki mmoja wenu anatakiwa kwenda moja kwa moja. Uamuzi huu haufanywi mara moja kwa mwaka. Hufanywa kila jioni, kila mmoja akishatuma idadi ya mzigo wa kesho kabla ya saa 10, na jumla ikipita mita 27 hivi, mwenye mzigo mkubwa anatolewa.

Mfugaji wa Muheza:
Nashukuru kwa uzi huu, kwa maana sisi wa maziwa tunaumia zaidi. Gari linatakiwa kufika kituoni saa 2 asubuhi, likifika saa 5 maziwa ya wa kwanza yameshaanza kuchachuka, wanapima kwa spiriti, yanaganda, na hasara ni yangu. Naomba kuuliza, hicho kiwanda cha Kibaha kinanunua lita kwa shilingi ngapi, na gari lao linafika Muheza?

Mleta uzi:
Ndugu yangu wa Muheza, samahani, maziwa niliyataja kama mfano tu, kiwanda hiki ni cha mafuta ya kula. Ila la gari kuchelewa tunafanana. Kwangu limepangiwa kuanzia saa 3:00 hadi 3:30 asubuhi, na likikwama Mbagala dakika 40 nalipata saa 4 na zaidi, na Ubungo ndiyo usiseme.

Bibi Hesabu:
Mimi naona mnakionea kiwanda. Gari 1 ni nafuu kuliko magari 4, hilo halina mjadala, na mtu akiachiwa kreti anaweza kuzipakia kesho yake. Kama mleta uzi angekuwa na akiba ya siku 2 pale kiwandani, mashine isingesimama.

Mpanga Safari Mstaafu:
Dada yangu, kuhusu akiba una sehemu ya ukweli. Ila kiwanda kimeanzisha mzunguko wa kila siku ili kupunguza akiba hiyo hiyo. Zamani vizibo vilikuja mara 2 kwa wiki na ghala lilihifadhi vya siku 3, sasa vinakuja vya siku 1. Anayepunguza akiba hana budi kuhakikisha gari halimwachi mtu. Angebaki na siku 1 ya ziada ya vizibo, ambavyo havichukui nafasi kubwa, Jumatano ingepita salama. Na kuachiwa hadi kesho si dawa, maana gari la kesho nalo lina mita 5 tu za ziada, na maboksi yaliyobaki Ubungo yanazihitaji mita 8.

Kuhusu bei, mleta uzi, usidai kurudishiwa asilimia 6 yote. Kiwanda kina haki ya kutoa gharama ya usafiri kwenye bei, lakini kiasi ulichokuwa ukilipa kweli. Peleka risiti za Kanta za miezi 3.

Kanta Nyekundu:
Nakubali kuhusu Jumatano, sikuwa nimejumlisha. Lakini siku 5 zilizobaki nashikilia kauli yangu, wageuze duara. Foleni ya asubuhi ipo hata ukitoka Mbagala.

Mleta uzi:
Nashukuru, mzee wangu. Risiti ninazo, na kesho nitapima bodi ya Fuso kwa utepe mbele ya dereva na kupiga picha gari likiwa wazi Jumatano ijayo, kabla ya kreti yangu ya kwanza kupanda. Mwenzangu wa Ubungo amekubali tuandike barua pamoja. Yule wa Mbagala anakataa kutolewa, kwa sababu anaogopa kwamba gari likienda kwake peke yake, kilomita zote 90 zitakatwa kwenye bei yake. Hilo sina jibu lake bado, na sioni kama ni haki alibebe yeye, wakati anayeagiza madumu 900 kwa siku moja ni kiwanda.