Tupeane uzoefu: Dr, Prof. na Eng. kwenye barua pepe za Kiingereza

Mratibu_Dom: Wakuu, habari zenu. Kazini naandikia madaktari, wahadhiri na wahandisi, wengi wako Uingereza. Kuna daktari bingwa wa upasuaji ambaye sahihi yake chini ya barua inasema Mr, kisha jina, kisha FRCS. Ofisini wameshupaa kwamba nimwandikie Dear Dr, eti Mr ni kumshusha. Waliopitia haya mnafanyaje?

Nesi_wa_Leeds: Mwachie Mr yake. Kwa Uingereza daktari wa upasuaji akishafaulu MRCS, mtihani wa kujiunga na chuo cha kifalme cha wapasuaji, huacha Dr na kurudia Mr, Miss au Ms. Zamani daktari wa dawa alisoma chuo kikuu, ila mpasuaji alijifunza kazi chini ya fundi. Hadi 1745 wapasuaji walikuwa chama kimoja na vinyozi. Leo wote wanasoma chuo, desturi ikabaki, na wenyewe wanaionea fahari. Kwetu wodi ya upasuaji, Dr ni yule mdogo ambaye bado hajafaulu mtihani huo. Herufi za FRCS kwenye sahihi ni za chuo hicho hicho, zinakuthibitishia. Usiipeleke desturi hii Marekani lakini, huko mpasuaji ni Dr.

Kibo2010: Mimi naona Dr ni ya hospitali tu. Mwenye PhD mwandikie Mr yatosha.

Mhadhiri_Moro: Hapana mkuu, mwenye PhD ni Dr kamili. Pa kuangalia ni Professor. Uingereza, kama hapa kwetu, profesa ni cheo cha kupandishwa. Mhadhiri mwenye PhD ni Dr. Mmarekani huita Professor karibu kila anayefundisha chuoni. Mimi hufungua ukurasa wa idara yake kwanza, halafu naandika kwa jina la ukoo.

Mama_Neema: Na mbunge je? Nina barua ya kumwandikia wiki hii, niweke Hon.?

Mratibu_Dom: Hon. ni sawa kwa mbunge wetu, dada. Hapa niko kwenye taaluma.

Injinia_Pwani: Tanzania na Kenya, Eng. ni ya aliyesajiliwa na bodi, na ukiiacha wengine hununa. Muingereza haweki Eng. mbele ya jina: huandika CEng nyuma, wewe unamwandikia Dear Mr au Dear Ms. Mjerumani ndiye aliwachanganya wenzangu. Sahihi ilisema Dr.-Ing., wakaandika Dear Engineer. Ile ni shahada ya udaktari ya uhandisi, kwa hiyo ni Dear Dr. Ingekuwa Dipl.-Ing., hiyo si udaktari, ni Mr au Ms.

Kibo2010: Sawa kwa hilo la PhD. Ila mhandisi wetu aliyesajiliwa Nairobi na sasa anafanya kazi London, Eng. au Mr?

Injinia_Pwani: Mimi ningefuata sahihi yake.

Nesi_wa_Leeds: Mimi ningeandika Mr. Wenzake waliowekwa kwenye nakala hawataelewa hiyo Eng. ni nini.