Bayeri, barua ya kudai kodi bila hesabu ni barua gani?

LokateriKampemba:
Soma hii karatasi imeingizwa chini ya mlango: «Nakudai dola 450, ulipe haraka ao utoke.» Basi! Hakuna mwezi, hakuna tarehe, hata mwandiko wa jina. Nyumba ni dola 150 kwa mwezi, kodi inaingia tarehe 5. Machi ililipwa 100 na risiti iko. Aprili na Mei hazijalipwa, sikatai. Ile 100 imeenda wapi? Na «haraka» ni siku gani?

KamalondoJuu:
Usilipe kitu. Uliweka garanti ya miezi 3, hiyo ni dola 450. Mwambie akate humo, mumalizane.

Mzee wa Katuba:
Hapana, kijana. Garanti inangoja siku ya kutoka: ukuta uliovunjwa, madeni yaliyobaki. Sheria ya 31 Desemba 2015 imeiwekea mpaka wa miezi 3 kwa nyumba ya kuishi, lakini haikuigeuza kodi. Bayeri akikubali kukata humo, akubali kwa maandishi.

Kwa hesabu uko na haki. Yeye amezidisha 150 mara 3 na kusahau risiti. Barua ya kweli ingekuwa hivi:

«Lubumbashi, tarehe 31 Mei. Kwa lokateri wa nyumba ya nyuma. Machi: umelipa dola 100, imebaki 50. Aprili: 150. Mei: 150. Jumla ni dola 350. Nakuomba ulipe yote kabla ya Jumamosi tarehe 14 Juni, saa kumi jioni, mkononi mwangu, na nitakupa risiti. Kodi ya Juni haimo. Ukipita siku hiyo bila kulipa, nitapeleka jambo kwa ofisi ya makao ya komini.»

Ile «kodi ya Juni haimo» ndiyo watu wanasahau. Tarehe 5 Juni inafika katikati, ukileta 150 kila mmoja anaihesabia mwezi wake, ugomvi unaanza upya. Ukilipa, andikisha jina la mwezi kwenye risiti. Barua zitoke mbili, usaini ya kwake: saini yako inaonyesha tu kwamba umepokea.

Mama wa Ruashi:
Na umeme je? Kwetu wanakata waya ya lokateri mmoja, parseli nzima inabaki giza!

Mzee wa Katuba:
Mama, hiyo ni fakture nyingine, isichanganywe na kodi. Lakini kukata waya ao kufunga mlango kwa kofuli, hapana. Kumtoa mtu ni kazi ya tribinali.

KamalondoJuu:
Sawa kwa garanti. Ila akileta franka, ni kwa bei ya siku gani, 31 Mei ao siku ya kulipa?

Mzee wa Katuba:
Mimi nasema siku ya kulipa. Mkataba wenu unasema nini?

LokateriKampemba:
Mkataba unasema «dola» tu. Kesho nampelekea risiti ya Machi, na 350 yake ataipata. 450 asiiote.