Govi la mtoto halirudi nyuma, na upande mmoja mtupu. Tumtahiri Ijumaa?

Mama_Mtambwe
Assalam alaykum nyote. Naombeni ushauri, nipo Mtambwe, Pemba. Mwanangu wa pili, mwanamme, juzi katimiza miezi 7. Ijumaa ya wiki ijayo ngariba anakuja kwa shangazi yao kutahiri watoto watatu wa ukoo, na wetu kashahesabiwa wa nne.

Govi lake limebana sana. Bibi yake akimkogesha hulivuta nyuma kidogo kidogo ati lizoee, na juzi likatoka damu, mtoto kalia mpaka sauti ikamkauka. Akikojoa ngozi inavimba kwanza kama puto, ndipo mkojo unatoka. Halafu kuna vitu vyeupe chini ya ngozi kama chenga za mchele, naogopa ni usaha. Mama mkwe anasema tukimtahiri yote yatakwisha, mume wangu anamsikiliza mama yake.

Jengine, sijui kama linahusu: pumbu la kulia silioni, la kushoto lipo. Kwenye kadi ya kliniki hawakuandika kitu. Alizaliwa wiki ya 34, akakaa siku 9 hospitali.

Kijukuu_cha_Makame
Wa alaykum salaam. Mpelekeni kwa ngariba, govi litakuwa limekwisha habari yake. Na hilo pumbu litashuka lenyewe, usihangaike. Wangu alikuwa hivyo hivyo, baridi ikipiga linapanda, akioga maji ya moto linashuka. Kufika miaka 4 limekaa pake.

Msuka_Dau
Huo mshipa huo. Babu yetu alikuwa nao, upande mmoja ulifika magotini, akitembea kwa kanzu pana. Usimpe vitu vya baridi.

Mama_Mtambwe
Ami, wangu hakuvimba. Upande wenyewe ni mtupu.

Tabibu_wa_Zamu
Dada, umeandika mistari mingi juu ya govi na mmoja juu ya pumbu. Mie ningegeuza. Ni tabibu, miaka mingi nakaa kliniki ya watoto, na hili la pili ndilo lililonifanya niache chai yangu.

Nimalize la govi kwanza. Mtoto huzaliwa govi limegandana na kichwa cha uume, na huachana lenyewe taratibu, kwa wengine linachukua miaka mingi. Kuvimba kama puto si ugonjwa maadamu mkojo unatoka na ngozi inanywea. Zile chenga ni ngozi iliyokufa inayokusanyika pale govi linapoanza kuachia. Usaha ungekuja na wekundu, maumivu na harufu. Kinachomuumiza ni mkono wa bibi. Ngozi ikivutwa inachanika, inapona kwa kovu, na kovu ndilo linalobana kweli. Mwambie kwa adabu aoshe kwa nje tu. Tena kuna siku litavutwa likwame nyuma ya kichwa, kichwa kivimbe, na hapo ni hospitali saa ile ile, usiku usiku.

Ningetaka aonwe kwa sababu ya govi kama mkojo unatoka tone tone huku anajikaza, au ncha ya govi imekuwa nyeupe na ngumu kama ukingo wa kovu, au anapata maambukizo ya mkojo yanayorudi rudi. Zaidi ya hapo, muacheni.

Sasa pumbu. Leo usiku, akishakoga maji ya vuguvugu, mlaze chali chumba hakina upepo, miguu imekunjwa na magoti yamefunguka kama chura. Pasha mikono yako kwanza, maana mkono wa baridi ukimgusa paja tu, misuli inalivuta pumbu juu na utadanganyika. Usianzie kwenye mfuko. Weka vidole vya mkono mmoja juu, karibu na mfupa wa nyonga, uvitelezeshe kwa upole kufuata kinena kushuka chini. Sabuni kidogo husaidia. Mkono wa pili usubiri chini kwenye mfuko. Unatafuta kitu laini kinachoteleza, ukubwa wa haragwe.

Ukilipata, lishushe bila nguvu halafu uliachie. Niambie: lilifika chini kabisa ya mfuko? Lilibaki hapo, au liliruka juu papo hapo? Na mfuko wa upande wa kulia unafanana na wa kushoto, au ni mdogo na laini hauna mikunjo? Mwisho, angalia tundu la mkojo kama lipo nchani au limekaa chini ya uume.

Sanda_Kaoneka
Kwani si wapige altrasaundi tu, iishe?

Tabibu_wa_Zamu
Wengi huanza huko na fedha inakwenda. Pumbu likiwa tumboni altrasaundi mara nyingi hailioni, na likiwa kwenye kinena kidole kinatosha. Majibu yoyote yatakayotoka, mtoto bado atahitaji mkono wa daktari wa upasuaji.

Mama_Mtambwe
Nimemaliza sasa hivi, mume wangu kashika tochi. La kushoto lipo chini kabisa. La kulia mara ya kwanza sikupata kitu, mara ya pili kidole kikapita juu ya kitu kama haragwe hasa, pale kwenye mkunjo wa paja, juu kidogo. Nikalisukuma, likafika mdomoni mwa mfuko, halikwenda zaidi. Nilipoachia likarudi kama limevutwa na mpira. Mfuko wa kulia mdogo, laini, kama haujawahi kukaliwa. Tundu lipo nchani. Mkojo nao sina shaka, umepiga kanga yangu moja kwa moja.

Tabibu_wa_Zamu
Umepima vizuri kuliko wanafunzi wangu. Hili si lile la mtoto wa Kijukuu. Lake lilikuwa linapandishwa na baridi tu, na ukilishusha linafika chini na kutulia, kwa hiyo ni la kukaguliwa kila mwaka mpaka akue. La wako halifiki chini, na mfuko wenyewe mtupu umebaki mdogo. Hilo halijashuka.

Umri wake: alizaliwa wiki ya 34, yaani wiki 6 kabla ya siku zake. Toa hizo kwenye miezi 7, kwa hesabu ya pumbu ana kama miezi mitano na nusu. Mengi yanayoshuka yenyewe hushuka katika miezi 3 ya mwanzo, na baada ya miezi 6 ni nadra. Yupo ukingoni, na kwa kuwa safari ya barua hadi kuonwa haiishi kwa wiki moja, ningeianza sasa. Upasuaji wenyewe hupendelewa kati ya miezi 6 na 18, kwa sababu kinena ni cha moto kuliko mfuko, na chembechembe za uzazi zilizomo huanza kuharibika mapema.

Ingekuwa yote mawili hayaonekani tangu kuzaliwa, au moja halipo na tundu la mkojo limekaa chini, nisingezungumza habari ya miezi. Huyo huonwa siku zile zile, na hatahiriwi kabisa mpaka wataalamu waseme, maana ile ngozi huenda ikahitajika kutengenezea njia ya mkojo, na pengine hata jinsia ya mtoto inahitaji kuchunguzwa.

Kijukuu_cha_Makame
Nimekosea basi. Lakini pumbu moja si linatosha? Wapo watu wana moja na watoto wanane.

Tabibu_wa_Zamu
Wapo kweli. Mwenye tatizo upande mmoja mara nyingi huzaa kama wenzake, wa pande zote mbili ndiye hupata taabu. Lakini pumbu lililobaki juu lina hatari kubwa kidogo ya saratani ukubwani, na likibaki kwenye kinena huwezi kulipapasa vizuri ukagundua mapema. Linaweza pia kujinyonga. Likishushwa kabla hajabaleghe, hatari ya saratani inapungua, ingawa haiishi yote.

Baba_Pacha_Chwaka
Mie nina pacha, mmoja alikuwa nalo hili. Kila niliyemuuliza, hata hospitali niliyokwenda kwanza, aliniambia subiri. Nikasubiri mpaka kaanza skuli. Kafanyiwa ana miaka 6. Kakatwa kidogo kwenye kinena na kidogo kwenye mfuko, karudi nyumbani siku ile ile, baada ya siku tatu anataka mpira. Daktari akaniambia pumbu limeshuka lakini ni dogo kuliko la ndugu yake. Nikiwakogesha naliona. Silali nalo vizuri mpaka leo.

Mama_Mtambwe
Pole kaka. Sasa Ijumaa je? Shangazi yao kashanunua mchele na mbuzi.

Tabibu_wa_Zamu
Mbuzi aliwe, mtoto asikatwe. Akienda kulazwa usingizi kwa ajili ya pumbu, daktari anaweza kumtahiri hapo hapo, dawa ya usingizi mara moja tu.

Nesi_wa_Konde
Hapa natofautiana na tabibu kidogo. Kwa ngariba wa nyumbani hapana, nakubali, tena mtoto mwenyewe alizaliwa njiti. Lakini tohara ya hospitali haiharibu chochote cha pumbu, tundu likiwa pake. Upasuaji ukicheleweshwa mwaka mzima, mama atakaa anagombana na ukoo mwaka mzima? Nimewaona waliotahiriwa kwanza na pumbu likashushwa baadaye bila shida.

Tabibu_wa_Zamu
Sikatai. Mie naepuka usumbufu wa mara mbili. Daktari atakayempasua ndiye aamue.

Dada, kituo cha afya waombe barua ya rufaa, waandike upande gani, wiki aliyozaliwa, na kwamba pumbu linapapasika kwenye kinena. Neno hilo la mwisho usiliache, kwa sababu lisilopapasika kabisa hutafutwa kwa kamera tumboni, na huko hupangiwa tofauti. Na ukiona uvimbe kwenye kinena wakati analia, kisha unarudi ndani, waambie, maana ngiri hufuatana na hali hii. Uvimbe ukiwa mgumu, haurudi, na mtoto anatapika, usingoje barua wala boti. Vilevile kinena kikiwa chekundu na kinauma ghafla.

Mama_Mtambwe *(wiki tatu baadaye)*
Nimerudi. Tulikwenda Abdulla Mzee, Mkoani. Daktari kalipapasa pale pale nilipolipapasa mie, kacheka kidogo aliposoma barua. Kasema lipo kwenye kinena, tusubiri tarehe, inaweza kuwa huku au Mnazi Mmoja, atatupigia. La tohara kasema ataangalia siku yenyewe. Ngiri haioni ila ataihakikisha akiwa ndani.

Bibi kaacha kuvuta. Hakuniamini mimi, kamwamini daktari aliyemwambia kwamba anatengeneza kovu. Siku ile ya Ijumaa wenzake watatu walitahiriwa, wangu kavalishwa kanzu nyeupe kama wao, kapakatwa na babu yake, na watu wakampa fedha vilevile.

Msuka_Dau
Samahani, na mie niulize. Mjukuu wangu ana miaka 2, akichutama yote mawili yanaonekana, akisimama moja linapotea. Hilo la baridi au la barua?